Tangazo huwapata wao, sisi halitupati: jibu kwa mwenye duka wa Ngamiani

*"Salaam aleikum mtaalamu. Nina duka la rejareja Ngamiani, Tanga, mwaka wa 22 huu. Mke wangu na wanangu kila kinachopigiwa debe redioni au kwenye simu lazima kiingie nyumbani. Mimi matangazo hayanipati, nishayazoea, na hizo bidhaa mimi ndiye ninayeziuza. Juzi binti yangu wa kidato cha sita akaniambia, 'Baba, hebu angalia jikoni.' Nikaangalia: sabuni, majani ya chai, dawa ya meno, vyote ni vile vinavyotangazwa kila siku. Nikamwambia nimevichukua kwa sababu ni bora. Akasema wataalamu wanaujua ugonjwa wangu na una jina. Tena mimi ni msimamizi wa kundi la wasapu la mtaa wetu, nafuta jumbe za siasa na za uvumi mapema watu wasizisome, maana najua wenzangu wanavyobebwa. Binti anasema hata hilo ni ugonjwa huo huo. Ni kweli? Na nitajuaje kama nami nabebwa bila kujua? Usinidhanie ni mtu wa kuamini lolote. Hata dawa ya mitishamba ya presha ninayotumia, mwezi wa pili sasa, sikuifuata redioni. Jirani yangu ndiye aliyenieleza."*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Binti yako amepatia karibu yote, ila neno "ugonjwa" alirudishe. Alichokisoma kinaitwa athari ya nafsi ya tatu, na wanacho watu wazima wenye akili timamu, wasomi kwa wasio wasomi. Jina limetoka kwenye sarufi ile ile tuliyofundishwa shuleni: mimi na sisi ni nafsi ya kwanza, wewe na ninyi ni ya pili, yeye na wao ni ya tatu. Mwulize mtu tangazo au propaganda inamgusa nani, atakujibu kwamba mimi hainigusi, wewe pia sidhani, lakini wao, hao inawapeleka itakako.

Aliyeipa jina hilo ni mwanasosholojia W. Phillips Davison wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika makala ya mwaka 1983. Anasimulia kwamba aliwahi kuwauliza waandishi wa habari wa Ujerumani Magharibi, wakati huo Bonn ndiyo makao makuu ya serikali, kama tahariri za magazeti zinabadilisha mawazo ya wasomaji. Jibu lilikuwa lile lile kila alipopita: watu kama mimi na wewe tahariri hazitubadilishi, ila msomaji wa kawaida zinambadilisha sana. Alipowataka ushahidi, hawakuwa nao.

Kisa chake cha pili ndicho ninachotaka ukae nacho, kwa sababu kinahusu kundi lako la wasapu kuliko unavyofikiri. Katika Vita Kuu ya Pili, kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Wajapani waliangusha vipeperushi juu ya kikosi cha Wamarekani weusi kilichoongozwa na maofisa weupe. Ujumbe ulikuwa kwamba hivi ni vita vya mzungu, ninyi hamna ugomvi na Wajapani, msife kwa ajili yake. Siku iliyofuata kikosi kile kiliondolewa. Davison hakuona ushahidi wowote kwamba askari wenyewe walitetereka. Waliotetereka ni maofisa, na si kwamba waliuamini ujumbe. Waliogopa kwamba wengine watauamini. Karatasi zile zilifanikiwa, na hakuna ushahidi kwamba zilimshawishi hata msomaji mmoja aliyekusudiwa.

Kwa hiyo jambo hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni dhana, kwamba wao hushawishika kuliko mimi. Ya pili ni kitendo, yaani ninachokifanya kwa sababu ya dhana hiyo. Dhana yenyewe imethibitishwa mara nyingi. Mwaka 2000 watafiti waliunganisha tafiti 32 za aina hii wakaikuta imara, iwe mada ni siasa, biashara au burudani. Sasa twende jikoni kwako.

Unaposema matangazo hayakupati, nadhani unamaanisha kwamba hujawahi kusikia tangazo ukainuka kwenda kununua. Nakuamini kabisa. Lakini tangazo la sabuni halikutengenezwa likuinue kwenye kiti. Wanaolilipia wanajua kwamba unaposikia jina la sabuni huna haja ya sabuni siku hiyo. Wanachonunua redioni ni kitu kidogo zaidi: kwamba wiki tatu baadaye, mkono ukiwa mbele ya miche minne ya sabuni, mmoja uwe unafahamika na mingine iwe migeni.

Niliwahi kuzunguka Tanga mjini na dodoso mkononi, Makorora hadi Chumbageni, nikiwauliza akina mama kuhusu sabuni ya kufulia. Mama mmoja alikuwa na mche mkononi, ameukata nusu kwa waya, mikono imejaa povu. Nikamwuliza kama matangazo yalichangia yeye kuichagua. "Matangazo? Aa, mie naangalia sabuni yenyewe." Nikamwuliza amewahi kuilinganisha na ipi. Akafikiri, akasema, "Hii ndiyo ninayoijua." Nililiandika neno hilo pembeni mwa dodoso kwa sababu halikuwa na kisanduku chake. Kati ya "ninaijua" na "ni nzuri" kuna hatua moja, na watu wengi tunaivuka bila kuona kwamba tumevuka.

Hatua hiyo imepimwa. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha wanafunzi sentensi zinazowezekana kuwa kweli au uongo, 60 kwa kila kikao, katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili. Sentensi 20 zilirudiwa katika kila kikao, nyingine zilikuwa mpya. Kadiri vikao vilivyokwenda, zile zilizorudiwa zilipewa alama za juu za ukweli, za kweli na za uongo pamoja, ilhali zilizosikika mara moja zilibaki pale pale. Hakuna aliyetoa hoja mpya wala ushahidi. Kilichoongezeka ni kusikika tu. Akili hukichakata kwa wepesi kitu ilichokwisha kukutana nacho, na wepesi huo tunausoma kama dalili ya ukweli au ya ubora.

Kwako wewe mwenye duka kuna njia nyingine ya pili, na nakiri ndiyo iliyonifanya nichague swali lako. Fikiria gari la msambazaji linaposimama mlangoni. Kijana anashuka anakwambia, "Mzee, hii tunaanza kuitangaza mwezi ujao, chukua katoni kumi." Wewe tangazo hujalisikia bado. Unajiuliza tu: wateja wataiulizia? Unaona wataiulizia, maana wewe unawajua watu na redio. Unachukua katoni kumi, unaipanga usawa wa macho kwa sababu mzigo utatoka. Mteja akija hajui achukue ipi, unampa hiyo. Jioni ukifunga duka nyumbani sabuni imekwisha, unachukua mche kwenye rafu iliyo karibu. Mwisho wa mwezi imo jikoni, na ukiulizwa sababu utasema ni bora.

Angalia tangazo limepita wapi. Halikukushawishi wewe moja kwa moja. Limepita kwenye imani yako kwamba litawashawishi wao, kama karatasi za Iwo Jima zilivyopita kwa maofisa. Sisemi ulikosea kuagiza. Kama mfanyabiashara, kukisia wateja watataka nini ndiyo kazi yako, na mara nyingi unapatia. Ninachosema ni kwamba hukumu ya biashara, "hii itatoka", ilivuka mlango wa nyumbani ikageuka kuwa hukumu ya ubora, na hukuiona inageuka.

Kwa nini hukuiona? Watu wengi hapa huleta methali ya nyani asiyeona kundule. Inakaribia, ila haifiki mahali penyewe. Nyani angepewa kioo angeona. Huku hata ukigeuka ukajitazama kwa uaminifu wote, hakuna cha kuona, kwa kuwa ushawishi wa aina hii hauachi alama mahali tunapotazama.

Richard Nisbett na Timothy Wilson walilionyesha hilo mwaka 1977 kwa jambo dogo sana. Dukani walipanga jozi nne za soksi ndefu za nailoni za kike, wakawaomba wapita njia 52 waseme ipi ina ubora zaidi na kwa nini. Jozi zote nne zilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo ya kwanza kushoto ilichaguliwa na asilimia 12, ya pili 17, ya tatu 31, na ya mwisho kulia 40. Yaani mahali ilipowekwa pekee ndipo palipofanya kazi. Walipoulizwa sababu hakuna aliyetaja mahali. Walipoulizwa waziwazi kama mpangilio uliwagusa, karibu wote walikataa, wengine wakimtazama mwulizaji kwa wasiwasi kana kwamba hayuko sawa. Hawakuwa wanasema uongo. Walitafuta sababu ya kuridhisha inayofanana na sababu za soksi, wakaitoa kwa moyo safi. "Nimeichukua kwa sababu ni bora" nayo ni sababu ya namna hiyo: huenda ni kweli, lakini huwezi kuithibitisha kwa kujichunguza moyoni.

Utafiti wa pili unaingia ndani zaidi. Mwaka 2008 Karen Douglas na Robbie Sutton wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu uvumi wa njama katika kifo cha Dayana, yule aliyekuwa mke wa mwana wa malkia wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1997. Kundi moja la wanafunzi lilisema tu linakubaliana kwa kiasi gani na madai hayo. Kundi jingine, kutoka wanafunzi wa aina ile ile, lilisoma kwanza maandishi ya uvumi, halafu likaulizwa maswali mawili zaidi: wewe ulikuwa unaamini nini kabla ya kusoma, na wenzako je? Kwa wenzao walikadiria mabadiliko vizuri, karibu na ukweli. Kwao wenyewe walikosea. Walikuwa wamebadilika zaidi ya walivyokiri, na msimamo waliodai walikuwa nao "tangu zamani" ulisogea ukawa karibu na ule waliokuwa nao sasa.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo lote. Ushawishi ukifanikiwa hauji na hisia ya kushawishiwa, unakuja na hisia ya "mimi nilikuwa najua hivyo siku zote". Kumbukumbu ya msimamo wa jana hurekebishwa ilingane na wa leo, na ukitafuta tofauti huikuti. Kwa mwingine tofauti unaiona, kwa sababu jana ulimsikia akisema hivi na leo anasema vile. Mke wako alipoomba mafuta mapya ulimsikia akiomba. Wewe ulipohamia chai mpya hakuna aliyekusikia ukihama, hata wewe mwenyewe.

Lakini tuwe waadilifu kwa pande zote. Mara nyingine kosa liko upande wa pili: tunajijua vya kutosha, ila tunawadhania wengine wepesi kupita walivyo. Zipo tafiti zilizokuta hivyo, na kati yao na ile ya Douglas na Sutton ubishi haujaisha. Kinachojulikana vizuri ni kwamba umbali huikuza dhana. Mwaka 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa habari za kumchafua mtu, wakaulizwa zitamgusa nani. Wao wenyewe waliona haziwagusi sana, wanafunzi wenzao wa Stanford kidogo zaidi, watu wengine wa Kalifonia zaidi, na umma kwa jumla zaidi ya wote. Kadiri mtu anavyokuwa mbali nasi ndivyo tunavyomwona kama chombo kitupu kinachojazwa na chochote. Jirani yako wa karibu unajua anavyobisha habari anayoletewa. Watu wa mji mwingine hujawasikia wakibisha, basi unaona wanameza tu.

Heshima yetu nayo imo. Mtu akiulizwa kama tangazo la chandarua limemgusa, atasema ndiyo, limenikumbusha, bila haya. Akiulizwa la soda au la mgombea, atasema halikunigusa. Pale ambapo kuguswa ni sifa njema tunakiri, na pale ambapo kuguswa kunaonekana kama ubwege tunawaachia wao. Kwa hiyo usiichukue "halinigusi" yako kama kipimo cha tangazo, maana kwa sehemu kubwa inapima unavyopenda kujiona.

Sasa kundi la wasapu. Binti yako hapa ana haki, ila si yote. Kufuta kwako ni ile sehemu ya pili ya Davison, kitendo kinachozaliwa na dhana. Watafiti wameona mara kwa mara kwamba anayedhani wengine wataharibiwa na ujumbe huwa mwepesi kuunga mkono uzuiwe, na hao wanaotaka uzuiwe mara nyingi wao wenyewe wanajiona salama. Jiulize kuhusu ujumbe wa mwisho uliofuta: uliusoma wote? Kama uliusoma ukabaki mzima, ni nini hasa kinachokufanya uamini fundi baiskeli na mama lishe wa mtaa huo huo wasingebaki wazima?

Hata hivyo sitakwambia uache kila kitu kipite. Kuna ujumbe ambao madhara yake hayahitaji wengi waamini, mmoja anatosha: unaomtuhumu mtu kwa jina kwamba ni mwizi wa watoto, au unaosema dawa fulani ya hospitali iachwe. Huo ufute, halafu sema umefuta na kwa nini. Maoni ya siasa usiyoyapenda ni jambo jingine. Kuyafuta kimya kimya kuna gharama ambayo huioni ukiwa msimamizi: waliouona ujumbe kabla hujaufuta wanaanza kuamini ulikuwa na jambo kubwa ndani yake. Mimi ningeuacha, nikaandika chini yake ninachokijua na nilikokipata.

Uvumi wa bidhaa una tabia yake, na wewe kama mwenye duka umeushuhudia. Ujumbe unakuja kwamba sukari itaadimika. Mteja wa kwanza anakwambia, "Mie siamini haya maneno, lakini watu watakimbilia, nipe kilo tano." Wa pili naye vivyo hivyo. Hadi magharibi gunia limekwisha, na ukimhesabu mmoja mmoja hakuna aliyeuamini ujumbe. Kila mmoja ameamini tu kwamba wengine watauamini. Ukifuta ujumbe saa hiyo umechelewa, na kufuta kwenyewe kutawapa sababu ya kukimbia zaidi. Kinachosaidia ni kuandika kwamba dukani kwangu kuna magunia manne, na mzigo mwingine unaingia Alhamisi. Hilo linajibu hofu iliyopo, yaani hofu ya watu wengine.

Umeuliza utajuaje. Kwa kuwa kujichunguza hakutoshi, inabidi ujipime kama tunavyowapima wengine, na majani ya chai yanafaa sana. Chukua chai unayoiita bora na nyingine ya bei nafuu uliyonayo dukani, ikiwezekana zote ziwe za kusagwa laini sawa. Binti apike peke yake: sufuria mbili, maji kipimo kimoja, majani kijiko kimoja kila sufuria, dakika tano, bila sukari wala maziwa wala tangawizi. Amimine vikombe vitatu vinavyofanana, viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine, halafu avipeleke mezani mtu mwingine asiyejua kipi ni kipi. Kazi yako ni kusema kikombe kipi ni tofauti. Si kipi ni kitamu, hilo ni swali la baadaye.

Rudieni mara sita, kwa siku mbili kama ni nyingi, na kila mara binti abadilishe chai ipi iko peke yake na iko wapi. Mtu anayebahatisha tu hupata kama mara mbili kati ya sita, kwa kuwa vikombe ni vitatu. Ukipata mara tano au sita, tofauti unaionja kweli, maana bahati tupu huleta hivyo chini ya mara 2 katika 100. Ukipata mara nne bado kuna shaka, bahati hufika hapo karibu mara 10 katika 100, basi rudieni. Ukipata tatu au pungufu, ulimi wako haujaonyesha kwamba unazitenga, na hapo ile "ni bora" inahitaji sababu nyingine zaidi ya ladha. Jaribio huharibika kwa mambo madogo: kikombe kimoja kikipoa kuliko vingine, rangi ikionekana (fumba macho au tumia vikombe vyeusi ndani), au aliyepika akibaki mezani akikuangalia usoni.

Kwa maneno, tofauti na chai, kipimo ni daftari. Kabla ya jambo linalobishaniwa halijapamba moto, andika msimamo wako kwa sentensi mbili, weka tarehe, na alama kati ya 1 na 10 ya jinsi unavyouamini. Mpe binti alifungie. Baada ya miezi miwili jaza upya bila kutazama, na pembeni andika unadhani uliandika nini mara ya kwanza, ndipo mfungue pamoja. Usijali sana kama umebadilika, kubadilika kwa hoja nzuri hakuna aibu. Angalia kama *unachodhani uliandika* kimesogea kuelekea unachoamini leo. Mke na watoto nao wajaze, na kila mmoja akisie nani kabadilika zaidi. Huenda wote wakamtaja mwingine.

Nimeiacha dawa ya presha mwisho, lakini ndiyo iliyonifanya nisichelewe kukujibu. Umesema hukuifuata redioni, jirani ndiye aliyekueleza. Mwulize jirani aliisikia wapi. Ujumbe mwingi wa aina hii hausafiri kutoka redioni hadi kwako, unapumzika kwanza kwa mtu unayemwamini, na ukifika umeshavua nguo za tangazo na kuvaa sauti ya jirani. Kinga yako yote uliiweka upande wa redio. Upande wa baraza la jioni mlango ulikuwa wazi.

Sijui dawa hiyo ina nini ndani, na huenda haina ubaya. Ninachojua ni kwamba presha haiwezi kupimwa kwa kujisikia. Inaweza kuwa juu miaka mingi bila kichwa kuuma, na mtu anayejisikia vizuri huamini dawa imefanya kazi. Ni kosa lile lile la soksi, isipokuwa hapa linaweza kuleta kiharusi. Kama ulikuwa na vidonge vya hospitali ukaviacha, usisubiri wiki, nenda kesho kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo wakupime. Kama unatumia vyote viwili, usiache vidonge kwa uamuzi wako, maana baadhi ya mitishamba hugongana navyo. Ukiona uso umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno hayatoki sawa au kifua kinabana, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Weka kwenye mfuko mmoja pakiti za vidonge na chupa ya mitishamba, pamoja na daftari lako la kliniki kama unalo. Mwambie daktari unatumia kiasi gani, mara ngapi kwa siku na tangu lini. Na kama binti hana masomo siku hiyo, nenda naye.